Sarafu imeshapaa na unaogopa kuachwa: kanuni tatu za kuandika kabla ya kununua

Jumamosi ya tarehe 8 Mei 2021 nilikuwa dukani kwangu Mwanga, hapa Kigoma, nikiwa na shilingi 420,000 za mzigo wa dagaa ambao ningeupokea Kibirizi Jumatatu. Kundi la WhatsApp lilikuwa linachemka. Dogecoin, sarafu ya kidijitali iliyoanza mwaka ikiwa chini ya senti moja ya dola, ilikuwa inakaribia senti 70, na usiku huo Elon Musk, bilionea aliyekuwa akiisifia sarafu hiyo, alikuwa anatarajiwa kuonekana kwenye kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live huko New York. Nilinunua kwa senti 69, fedha yote. Kipindi kilianza saa 5:30 usiku kwao, yaani saa 12:30 asubuhi ya Jumapili kwetu. Nilipomaliza kunywa chai, bei ilikuwa chini ya senti 50. Nilishikilia wiki mbili nikiamini itarudi, nikauza kwa senti 33 na kubaki na laki mbili hivi. Mzigo wa dagaa niliuchukua kwa mkopo.

Ukiniuliza leo kosa langu lilikuwa nini, sitakuambia ni kununua Dogecoin. Kosa ni kwamba sikuwa na sentensi hata moja iliyoandikwa ya kunieleza ninunue lini, kiasi gani, na nitoke wapi. Sarafu inapopanda kwa kasi, unaiona baada ya kupanda, kwa sababu programu za kununulia huziweka juu kabisa ya orodha zile zilizopaa zaidi ndani ya saa 24. Kwa hiyo kila ukifungua simu unakutana na gari lililokwisha ondoka, na moyo unakutuma ulidandie. Uamuzi unaofanywa hapo ni wa moyo. Kanuni iliyoandikwa jana, moyo ukiwa umetulia, inafanya kazi ya kukushika mkono.

Kanuni zipo nyingi, ila watu ninaozungumza nao hukwama kati ya tatu: kusubiri bei irudi nyuma, kununua kwa mafungu kwa tarehe, na kununua kidogo sasa hivi ukiwa na kikomo cha hasara. Nitazilinganisha kwa fedha ileile, shilingi 300,000, na kwa matukio mawili yaleyale yaliyokwisha kutokea.

## Vigezo nitakavyotumia

Kila kanuni nitaiuliza maswali manne: inaandikwaje ili isiwe na mwanya wa kuipindisha, ingekufanyia nini Januari 2024 na Mei 2021, huharibika kwa njia gani na utajuaje, na inamfaa mtu wa aina gani.

Matukio hayo mawili nimeyachagua kwa sababu yalifanana sana siku ya kwanza, kisha yakaenda pande tofauti kabisa.

La kwanza ni Bitcoin. Katikati ya Oktoba 2023 ilikuwa karibu dola 27,000. Tarehe 10 Januari 2024 wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani waliidhinisha mifuko ya uwekezaji inayoshikilia Bitcoin yenyewe, na kesho yake bei ikagusa karibu dola 49,000. Kila mtu aliona treni inaondoka. Siku iliyofuata, Ijumaa ya Sikukuu ya Mapinduzi, ilianguka hadi chini ya 42,000. Tarehe 23 Januari ilifika karibu 38,500. Kisha ikageuka, ikapita 50,000 katikati ya Februari, na tarehe 14 Machi ikawa juu ya 73,000.

La pili ni hiyo Dogecoin yangu. Tarehe 23 Aprili 2021 ilikuwa karibu senti 16, tarehe 8 Mei ikafika senti 73, na kufikia tarehe 20 Julai ilikuwa karibu senti 17. Ilipopanda tena mwishoni mwa 2024 iliishia chini ya senti 50.

Mtu aliyekaa na simu mkononi kileleni hakuwa na njia ya kujua yuko kwenye hadithi ipi. Ndiyo maana kanuni haipimwi kwa tukio moja. Ada na makato nitayaacha nje ya hesabu kwanza, nitayarudia mahali yanapouma.

## Kanuni ya kwanza: subiri irudi nyuma

Inavyoandikwa. "Sinunui kileleni. Nachukua bei ya mwanzo wa kupanda na bei ya kilele. Bei ikirudisha theluthi moja ya kupanda huko, nanunua. Oda naiweka leo. Isipojazwa ndani ya siku 14 naifuta na siigusi sarafu hiyo mpaka mwezi uishe."

Kwenye programu oda hii huitwa Limit. Unaandika bei unayoitaka na kiasi, kisha unafunga simu. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Bitcoin ilitoka 27,000 ikafika 49,000, maana yake ilipanda 22,000. Theluthi yake ni kama 7,300, na ukiitoa kwenye kilele unapata 41,700. Hapo ndipo oda inakaa.

Sisi wa Kigoma wazo hili tunalifahamu tangu utotoni. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inakaa ufukweni na bei inapanda. Mnunuzi mzoefu hanunui siku hizo kama si lazima, anajua giza litarudi na dagaa watajaa. Lakini tofauti iliyopo ni kubwa, na inabidi uiweke akilini muda wote: dagaa wana mwezi wa kuhesabu, sarafu haina. Hakuna kitu angani kinachosema bei lazima irudi.

Ingekufanyia nini. Januari 2024 oda ya theluthi ingejazwa wiki hiyohiyo au iliyofuata, na shilingi 300,000 zako zingekuwa kama 525,000 bei ilipofika 73,000 mwezi Machi. Sasa tazama jinsi maneno ya kanuni yanavyobeba uzito. Mtu aliyeandika "nusu" badala ya "theluthi" angeweka oda yake 38,000. Bei ilishuka ikafika karibu 38,500, ikageuka. Ilimpita kwa dola 500, na akabaki na 300,000 yake mkononi akiitazama Bitcoin ikipanda kwa wiki saba mfululizo. Hakupoteza hata senti, lakini namjua mtu mmoja wa namna hiyo aliyechoka kutazama, akanunua kwa 72,000. Tarehe 1 Mei ilikuwa chini ya 57,000.

Mei 2021 mambo ni kinyume. Theluthi ya kupanda kwa Dogecoin ilikuwa senti 54, na oda ingejazwa Jumapili ileile asubuhi. Mnunuzi angejiona mjanja, kapata kwa punguzo. Kufikia Julai 300,000 yake ingekuwa kama 94,000. Aliyeandika nusu angenunua kwa senti 44 na ushei na kubaki na kama 115,000. Punguzo halikuwa punguzo, lilikuwa ngazi ya kwanza ya kushuka.

Inavyoharibika. Kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuachwa kabisa, na hiyo kanuni yenyewe inaikubali. Ya pili ni kuifukuza bei: leo oda iko 41,700, kesho unaipandisha 43,000 kwa sababu "inaonekana haitashuka", keshokutwa 45,000. Utajua kanuni imekufa kwa kuangalia historia ya oda zako. Ukikuta umefuta na kuweka upya zaidi ya mara moja, huna tena kanuni, una tamaa yenye hatua nyingi. Siku 14 zile zimeandikwa kwa ajili hiyo.

Na kuna pengo ambalo wengi hawalioni: kanuni hii inasema pa kuingilia, haisemi pa kutokea. Ukiitumia kwa sarafu ndogo iliyopaa kwa kelele, lazima uiongezee mstari wa kutokea.

Inamfaa nani. Mtu anayeweza kukaa bila kununua na akalala. Si wote tuko hivyo. Kama ukikosa unakosa pia usingizi, kanuni hii itakuvunja siku ya kumi na mbili.

## Kanuni ya pili: mafungu kwa tarehe

Inavyoandikwa. "Fedha yote ya sarafu hii ni shilingi 300,000. Naigawa mafungu manne ya 75,000. Nanunua kila Alhamisi saa 2 usiku kwa wiki nne, bei yoyote iwayo. Siongezi fungu katikati ya wiki. Siruki wiki. Ikishuka asilimia 40 chini ya bei ya fungu la kwanza, nasimamisha yaliyobaki."

Uzuri wake kwa mtu mwenye hofu ya kuachwa ni kwamba inakuruhusu kuingia leo. Kile kiu cha kushika kitu kinatulizwa na robo, na robo tatu zinabaki salama. Bei ikipanda, una robo ndani. Ikishuka, una robo tatu za kununulia chini. Kwa watu wengi hilo tu linatosha kuuondoa mkono kwenye simu.

Ingekufanyia nini. Chukua mtu mwenye bahati mbaya kabisa, aliyenunua fungu la kwanza Alhamisi ya tarehe 11 Januari 2024 kileleni, karibu 49,000. Alhamisi tatu zilizofuata bei ilikuwa karibu 41,000, kisha 40,000, kisha 43,000. Wastani wake ungekuwa karibu 43,000, kwa sababu shilingi zilezile hununua kipande kikubwa zaidi bei ikiwa chini. Mwezi Machi angekuwa na kama 509,000. Yaani aliyeingia siku mbaya kuliko zote alikaribiana na aliyesubiri theluthi kwa ustadi, na hakuhitaji kubashiri chochote.

Dogecoin inaonyesha upande wa pili. Mafungu manne ya kila Jumamosi kuanzia tarehe 8 Mei yangenunuliwa kwa karibu senti 70, 51, 34 na 30. Wastani ni senti 41. Julai, senti 17, na fedha imebaki kama 123,000. Mafungu yalipunguza maumivu ukilinganisha na mimi niliyerusha yote siku moja, ila hayakukuokoa. Mstari wa asilimia 40 ungekuokoa kidogo: fungu la tatu kwa senti 34 liko zaidi ya asilimia 50 chini ya la kwanza, kwa hiyo mafungu mawili, shilingi 150,000, yangebaki mfukoni bila kununuliwa.

Mstari huo watu huutoa wakidhani ni wa mapambo. Mwezi Mei 2022 sarafu ya LUNA ilikuwa juu ya dola 80 mwanzoni mwa mwezi, na takriban wiki moja baadaye ilikuwa sehemu ndogo ya senti. Aliyekuwa anagawa mafungu bila mstari wa kusimama alikuwa anamimina maji kwenye ndoo isiyo na kitako.

Inavyoharibika. Kwa kuongeza fungu bei ikiwa kijani na kuruka wiki bei ikiwa nyekundu. Ukifanya hivyo umeigeuza juu chini: unanunua nyingi ghali na kidogo rahisi. Dalili yake ni rahisi kuiona, kwani tarehe za manunuzi zako hazitaangukia Alhamisi.

Kuna pia jambo la ada. Ukinunua USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, kwa mtu mwenzako kupitia P2P, ukilipa kwa M-Pesa au Airtel Money, utakatwa ada ya kutuma kila mara, na bei ya muuzaji huwa juu kidogo ya bei ya soko. Kwa fungu la 75,000 hilo linaonekana, na kwa fungu la 20,000 linauma. Nunua USDT zote mara moja, ziache zikae, kisha zigeuze kuwa sarafu fungu kwa fungu ndani ya programu. Hapo ada ya kubadilisha kwenye masoko mengi makubwa ni kama moja ya kumi ya asilimia. Ila lazima ujifahamu. Kwa wengine USDT zikiwa tayari ndani ni sawa na kuweka sukari mezani mbele ya mtoto, na hao ni afadhali walipe ada.

Inamfaa nani. Mtu anayepata fedha kwa vipindi, asiyeweza au asiyetaka kuangalia chati, na ambaye sarafu anayonunua angekubali kukaa nayo miaka hata bei ikilala. Kwa sarafu ambayo hukuwahi kuisikia mpaka ilipopaa, kanuni hii siipendekezi, kwa sababu nguvu yake yote inategemea bei kurudi siku moja.

## Kanuni ya tatu: kidogo sasa, na kikomo cha hasara

Inavyoandikwa. "Nikikosea niko tayari kupoteza shilingi 15,000, si zaidi. Nitatoka bei ikishuka asilimia fulani chini ya nilipoingia. Kiasi cha kununua ni 15,000 gawanya kwa asilimia hiyo. Oda ya kutoka naiweka dakika ileile niliyonunua. Nikitolewa, narudi mara moja tu, na ni pale bei ya siku itakapofunga juu ya kilele cha zamani."

Hii ndiyo iliyonigharimu muda mrefu kuielewa, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi. Watu huanza na kiasi cha kununua, kisha hutafuta pa kutokea. Hapa unaanza na hasara. Hasara 15,000, kikomo asilimia 10, basi unanunua ya 150,000. Kikomo asilimia 25, unanunua ya 60,000 tu.

Asilimia unaipata wapi? Fungua chati ya siku, tazama mishumaa mitano ya mwisho, yaani vijiti vya bei vya siku tano, na kwa kila mmoja angalia umbali kutoka bei ya juu hadi ya chini ya siku hiyo. Chukua wastani, uzidishe mara moja na nusu au mbili. Kama sarafu inacheza asilimia 6 kwa siku, kikomo cha asilimia 10 kina nafasi ya kupumua. Kama inacheza asilimia 15, kikomo cha asilimia 10 kitaguswa na mchezo wa kawaida wa mchana, bila bei kuharibika kokote. Inahitaji 25, na hesabu itakulazimisha kununua kidogo. Hapo ndipo kanuni hii inapomjibu yule mwenye hofu: sarafu ikichemka zaidi, kiasi chako kinapungua chenyewe. Moyo unataka kinyume, unataka kuweka kingi pale panapowaka zaidi.

Ingekufanyia nini. Bitcoin, Januari 2024: umeingia kwa 48,500 na shilingi 150,000, kikomo asilimia 10, yaani karibu 43,600. Ijumaa ya Mapinduzi umetolewa. Umebaki na 285,000, na bei inakwenda kupanda bila wewe. Ukiwa na sentensi ile ya kurudi mara moja, katikati ya Februari bei inafunga juu ya kilele cha zamani, unaingia tena karibu 50,000 kwa 150,000, na Machi una jumla ya kama 354,000. Ni faida, ila ndogo kuliko ya kanuni mbili za kwanza. Hakuna namna ya kuficha hilo.

Dogecoin, Mei 2021: sarafu inacheza sana, kikomo asilimia 25, umenunua ya 60,000 kwa senti 70, oda ya kutoka senti 52 na ushei. Jumapili asubuhi umetolewa ukiwa bado kitandani. Julai wenzako wana 94,000 na 123,000. Wewe una 285,000. Na kwa kuwa bei haikurudi juu ya senti 73, sentensi ya kurudi haikukuingiza tena.

Nimeandika 285,000 kana kwamba oda hujazwa pale ulipoandika. Si mara zote. Kwenye programu nyingi oda ya kutoka inaitwa Stop-Limit, na ina bei mbili: ya kuiamsha na ya chini kabisa unayokubali kuuzia. Bei ikianguka kwa kasi ikazipita zote mbili kabla oda haijajazwa, oda inabaki hapo juu inaning'inia na wewe bado unashikilia sarafu inayozama. Weka nafasi ya kutosha kati ya bei hizo mbili, asilimia 3 hadi 5 kwa sarafu yenye fujo, au tumia ile inayouza kwa bei yoyote iliyopo kama programu yako inayo. Utapoteza elfu chache zaidi ya ulizopanga, lakini utatoka.

Inavyoharibika. Kwa kusogeza kikomo chini bei inapokikaribia. "Ngoja niipe nafasi kidogo." Sentensi hiyo nimeisikia kwa wateja wangu dukani, kwa shemeji yangu, na kichwani mwangu mwenyewe. Njia nyingine ni kurudi mara ya tatu na ya nne: kila mara unapoteza 15,000, na baada ya wiki mbili umepoteza 60,000 bila kuona kosa moja kubwa la kulaumu.

Kanuni hii inauza mara nyingi kuliko nyingine, kwa hiyo makato yanaifuata. Tangu Julai 2024 Sheria ya Fedha imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha au kubadilishana mali za kidijitali. Anayeingia na kutoka mara nyingi kwa faida ya asilimia 4 au 5 afanye hesabu hiyo kabla, si baada.

Inamfaa nani. Mtu anayejua kwamba hatakaa nje hata akiapa, na anayeweza kupokea hasara ndogo bila kutaka kulipiza. Pia yeyote anayeingia kwenye sarafu asiyoifahamu vizuri.

## Uchague ipi, kulingana na ulipo

Kama fedha uliyoishika ina kazi nyingine, kama mzigo, ada ya shule au pembejeo, hakuna kati ya hizi tatu inayokuhusu mwezi huu. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, na hata baada ya kodi kuja, hakuna mfuko wa kukufidia ukipoteza. Mimi nilidaiwa dagaa miezi minne.

Kama ni Bitcoin, umeamua kukaa nayo miaka, na kinachokusumbua ni kwamba imepanda kabla hujaanza, gawa mafungu. Unaweza kuchanganya: nusu ya fedha kwa mafungu, nusu ikae kwenye oda ya theluthi. Ukiachwa, una nusu ndani.

Kama ni sarafu iliyopaa wiki hii na umeijua kwa kuambiwa kwenye kundi, chagua kati ya kanuni ya tatu na kutoingia kabisa. Ukichagua ya tatu, piga hesabu ya mishumaa mitano kwanza. Ikikuambia ununue ya 30,000 tu na ukajisikia imekuwa kidogo mno kuhangaika nayo, basi umepata jibu, iache.

Kama unafanya kazi ziwani usiku au mahali ambapo mtandao unakatika, usitegemee kutazama bei na kubonyeza mwenyewe. Oda ya Limit na Stop-Limit hukaa kwenye soko hata simu yako ikiwa imezimwa. Mafungu ya Alhamisi yanaweza kusubiri hadi Ijumaa asubuhi ukirudi nchi kavu, mradi uandike hivyo kwenye kanuni kabla hujaondoka.

Kama umewahi kuvunja kanuni moja kati ya hizi, usiiandike upya ileile kwa wino mzito zaidi. Aliyefukuza bei mara mbili ahamie kwenye mafungu. Aliyeruka Alhamisi nyekundu ajaribu oda ya theluthi, ambayo haimwombi ujasiri wowote siku ya kushuka kwa sababu aliiweka mapema. Aliyesogeza kikomo apunguze hasara anayoikubali kutoka 15,000 hadi 5,000 na aone kama mkono bado unatetemeka.

Na popote utakapoangukia, iandike kwa kalamu kwenye daftari, si kwenye simu inayokuonyesha bei. Weka tarehe, jina la sarafu, bei uliyoikuta, kanuni uliyoichagua, na siku ya kufuta. La kwangu liko chini ya mizani, ukurasa mmoja na madeni ya wateja. Ukurasa wa wiki hii una mstari mmoja: oda ya theluthi, siku 14, inafutwa Jumanne.